Je, Wajua? Moyo Mzima Hautoi Damu Yote

Mgonjwa wa Kibiti aliyepimwa moyo kwa mawimbi ya sauti Muhimbili, akiona "EF 60%", asidhani amefeli nusu ya mtihani. Huo ni moyo mzima! Chemba ya chini kushoto ikijaa mililita 120, kila pigo husukuma 72 tu, yaani 60%: hiyo ndiyo EF. Zinazosalia hubaki humo.

Chemba hiyo ikitanuka hadi mililita 200 na kusukuma 72 zilezile, EF hushuka hadi 36%, na huo sasa ni udhaifu. Ndiyo maana ripoti hutaja pia upana: kwa mwanamke, chemba iliyojaa ikizidi sentimita 5.2 imetanuka.

Na ukuta wa chemba hiyo? Kipande kimoja kikigoma kujongea, daktari hushuku mshipa unaokilisha umeziba.