Usitoe Jibu Kabla ya Kupewa Mji

Kwa Waswahili, kitendawili kina utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaokifanya kiwe mchezo. Mtegaji husema "Kitendawili!", wenzake wakaitikia "Tega!", kisha kila aliyepo ana haki ya kukisia. Wakishindwa, jibu halitolewi bure. Mtegaji hudai, "Nipeni mji." Akitajiwa mji asioutaka huukataa mpaka atajiwe mwingine. Akishaupokea husimulia alivyokwenda huko, alivyokaribishwa na alichokula, na hapo ndipo hutegua kitendawili chake.

Maktaba ya mtaa inayotaka kuwavuta watoto wasome wakati wa likizo, kwa vitendawili na methali zinazotumwa kwenye akaunti yake, inafaa ifuate utaratibu huo huo. Kosa la kawaida ni kutuma swali na kuandika jibu chini yake. Mtoto hulisoma jibu, akacheka, akaendelea na mambo yake. Hakuna kilichomwinua aende kwenye rafu ya vitabu.

Tuchukue kitendawili kimoja: "Kuku wangu kazalia miibani." Kitumwe jioni, baada ya Magharibi. Wazee walitegeana vitendawili usiku, kazi zikiwa zimekwisha, na hata leo jioni ndiyo saa ambayo simu ya mzazi imerudi nyumbani na watoto wako karibu nayo. Ujumbe uwe mfupi, na usiwe na picha ya kufichua siri.

Usiku huo na kesho yake ni zamu ya kukisia. Mmoja atasema nungunungu, mwingine atasema waridi. Mkutubi asiwajibu "umekosea" na kuishia hapo. Amuulize aliyesema nungunungu: kilichozaliwa kiko wapi, na miiba iko wapi? Nungunungu hubeba miiba mgongoni, wala hazai juu yake. Swali la namna hiyo humrudisha mtoto kwenye maneno ya kitendawili, na huko kusoma neno kwa neno ndiko kusoma kwenyewe.

Siku ya pili jioni mkutubi adai mji. Watoto wakimpa Tanga, aukatae; wakimpa Bagamoyo, aupokee. Kisha asimulie: "Nimekwenda Bagamoyo, nikapita mpaka Kiwangwa. Wenyeji wamenipeleka shambani, tukapita katikati ya majani yenye meno kama msumeno. Mlichokitafuta kimekaa katikati ya majani hayo. Nendeni maktabani, rafu ya mimea na kilimo, mkakitazame." Anayeijua Kiwangwa kwa mazao yake atakuwa amekwisha ng'amua. Asiyeijua atafungua kitabu chenye picha ya shamba la mananasi, aone jinsi tunda linavyoota katikati ya mmea, likizungukwa na majani yenye miiba. Jibu litangazwe maktabani, na anayelitaja aonyeshe ukurasa alikolipata.

Viko vitendawili vyenye majibu zaidi ya moja. "Huenda nami kila niendako" wengi watasema kivuli, lakini mtoto akisema jina lake na akaweza kulitetea, apewe haki yake. Katika baraza jibu lililotetewa vizuri husikilizwa. Mkutubi anayeng'ang'ania jibu la kitabuni atawafunza watoto kukariri.

Methali zina njia yake. Haitoshi kuikata katikati ili mtoto aimalizie, kwa kuwa "Haba na haba" humaliziwa na kila mtoto wa darasa la tatu: "hujaza kibaba." Muulize kibaba ni nini, na hapo wengi watanyamaza. Mpeleke kwenye kamusi akakute kuwa ni kipimo cha nafaka, na kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Siku hiyo maktaba iweke mezani kikombe, bakuli na mchele kidogo. Mtoto aliyejaza chombo kwa konzi moja moja haelezwi tena maana ya methali hiyo.

Utajuaje kama mfululizo unafanya kazi? Usihesabu alama za kupenda. Tazama kama watoto wanafika na makisio mdomoni, kama kitabu cha matunda kimetoka kwenye rafu yake, na kama wameanza kutunga vitendawili vyao na kumtega mkutubi. Ukiona majibu yanaingia dakika chache baada ya swali, yakiwa yamepangwa kwa lugha ya watu wazima, ujue wazazi ndio wanaocheza. Waombe waitikie "Tega!" pamoja na watoto wao, kisha wawaachie watafute wenyewe.

Wakutubi, vitendawili vitatu kwa juma na methali moja vinatosha likizo nzima. Vitegeni jioni, daini mji, na jibu liacheni ndani ya kitabu mpaka mtoto aje kulichukua.