Bomba Lipi, Mita Ipi? Maneno ya Kitaalamu katika Taarifa za Miradi ya Maji

Taarifa ya mradi wa maji inayosomwa katika mkutano mkuu wa kijiji huwafikia watu wa aina nyingi kwa wakati mmoja. Yupo mhandisi wa wilaya, yupo mtunza fedha wa chombo cha watumia maji, yupo fundi, na yupo mama anayechota ndoo nne kila asubuhi. Wote wanaombwa kuipokea au kuikataa taarifa hiyo hiyo. Makala hii inawalenga wanakamati wanaoandika taarifa hizo pamoja na wananchi wanaozisikiliza, na inaeleza namna neno moja tu linavyoweza kuivuruga hesabu iliyo sahihi.

Tuchukue mfano wa sentensi kama hii: “Mabomba 12 yaliharibika na yamebadilishwa kwa gharama ya shilingi 540,000.” Kisarufi sentensi haina kasoro, lakini bomba ni nini? Neno hili tulilipokea kutoka Kireno, ambako maana yake ni pampu, na maana hiyo ingali hai kwetu tunaposema bomba la mkono. Fundi akisema bomba, anakusudia mrija uliofukiwa ardhini. Mchotaji akisema amekwenda bombani, anakusudia mahali maji yanapotokea, na kwake bomba lililoharibika ni ile koki isiyofunga. Hivyo katika mkutano mmoja kuna watu waliosikia mirija 12, wengine koki 12, na labda mzee mmoja aliyesikia pampu 12 za mkono. Ukigawa fedha hizo kwa 12 unapata shilingi 45,000. Aliyewaza koki ataona amepunjwa, na minong’ono itaanza kabla mtunza fedha hajaketi.

Sentensi hiyo ingeandikwa hivi: “Vipande 12 vya bomba la plastiki, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 6 na kipenyo cha inchi 2, vilipasuka katika njia kuu ya kusambaza maji. Vimebadilishwa kwa gharama ya shilingi 540,000, yaani shilingi 45,000 kwa kila kipande.” Ni ndefu zaidi, naam, lakini msikilizaji anaweza kwenda dukani akaulizia kitu hicho hicho na kulinganisha bei.

Jambo la msingi, basi, ni kuamua kabla ya kuandika kwamba kila kitu kitakuwa na jina moja, na kila jina litabeba kitu kimoja. Kamati ichukue karatasi moja na kuorodhesha vitu vitakavyotajwa. Inaweza kukubaliana kwamba bomba ni mrija pekee, koki ni kile kinachofunguliwa na kufungwa kwa mkono, pampu ni mashine inayosukuma maji, na kilula ni kituo cha kuchotea maji chenye koki moja au zaidi. Pale ambapo neno kilula halijazoeleka, kituo cha kuchotea maji kinatosha. Karatasi hiyo ihifadhiwe ili itumike pia katika taarifa ya robo mwaka inayofuata, maana mwananchi hulinganisha taarifa ya leo na ile aliyoisikia miezi mitatu iliyopita.

Hapa waandishi wengi huponzwa na mafunzo ya insha. Shuleni tulisifiwa kwa kutorudia neno. Katika taarifa, sifa hiyo huwa kasoro. Ukiandika kisima kirefu katika aya ya kwanza, chanzo cha maji katika ya pili, na mradi wa kisimani katika ya tatu, msikilizaji ana haki ya kudhani kuna visima viwili au vitatu, na kuuliza fedha za hivyo vingine zilitoka wapi. Kama ni kisima kirefu, kiitwe kisima kirefu hadi mwisho, hata kama sikio la mwandishi litachoka.

Neno mita nalo lina mtego wake. Ni kipimo cha urefu, na pia ni kifaa kinachohesabu maji yanayoingia nyumbani. Taarifa inayosema “mita 300 zimenunuliwa” inaweza kuwa inazungumzia bomba la kutoka shuleni hadi zahanati au vifaa vya kaya 300, na tofauti ya gharama ni kubwa mno. Baadhi ya mamlaka zetu za maji hukiita kifaa hicho dira ya maji. Istilahi hiyo inafaa, kwa sababu inaliachia neno mita kazi moja tu ya kupima urefu. Lakini kwa kuwa watu wengi bado husema mita, inapotajwa mara ya kwanza iandikwe: “dira ya maji, yaani kifaa cha kuhesabu maji ambacho wengi tunakiita mita.” Baada ya hapo ni dira tu. Maelezo ya namna hii yakae ndani ya sentensi, kwani orodha ya maana iliyowekwa ukurasa wa mwisho haimsaidii anayesikiliza.

Kutoa maana peke yake, hata hivyo, hakutoshi pale neno la kukopa linapobeba kipimo. Neno uniti limo katika ankara za maji, na kulibadilisha kuwa mita ya ujazo ni sahihi, ila kwa mchotaji ni kuondoa fumbo moja na kuleta jingine. Kinachosaidia ni kulishusha hadi kwenye ndoo. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Tuseme taarifa inaeleza kwamba bei ya nyumbani ni shilingi 1,500 kwa uniti, na bei ya kilulani ni shilingi 50 kwa ndoo. Yakiachwa hivyo, maelezo hayo hayalinganishiki. Yakiwekwa katika kipimo kimoja, inaonekana kuwa wa nyumbani hulipa shilingi 30 kwa ndoo, na wa kilulani hulipa shilingi 2,500 kwa uniti. Huenda sababu ni ujira wa msimamizi wa kilula. Ndipo mwananchi ataweza kuuliza swali lake, na kamati italijibu kwa hesabu.

Si kila neno la kukopa linastahili kuondolewa. Klorini ibaki klorini, ila ielezwe kuwa ni dawa ya kuua vijidudu katika maji. Presha, kinyume chake, kwa wengi ni maradhi, na msukumo wa maji unaeleweka mara moja. Kwa istilahi zinazoleta ubishi, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, ndilo lenye jukumu la kuzisanifu. Kamati isibuni neno lake pale ambapo watu hulitumia jina fulani kufanyia malipo. Mwananchi aliyezoea kontroo namba akiambiwa aende na “nambari dhibiti”, wakala wa malipo naye atashangaa. Iandikwe namba ya kumbukumbu ya malipo, yaani ile tunayoiita kontroo namba.

Kabla taarifa haijabandikwa kwenye ubao wa matangazo, isomwe kwa sauti mbele ya watu wawili wasio wanakamati, mmoja wao akiwa mchotaji. Wasiulizwe kama wameelewa, kwani kwa heshima watasema ndiyo. Waombwe waeleze kwa maneno yao ni kitu gani kilinunuliwa, ni vingapi, na vimewekwa wapi. Majibu yao yakitofautiana, neno lililosababisha tofauti hiyo litafutwe katika taarifa nzima, si katika sentensi ile moja tu, na libadilishwe kila lilipoandikwa, yakiwemo majedwali ya mapato na matumizi.