Kwa Nini Alama za Maneno Hudanganya Katika Tafsiri za Kimalayalam na Kitamil

BLEU, kipimo kilichotolewa na watafiti wa IBM mwaka 2002, huipa alama tafsiri ya mashine kwa kuilinganisha na tafsiri ya binadamu. Huhesabu maneno yanayofanana, kisha mafungu ya maneno mawili, matatu na manne yanayofuatana. Neno hapa ni chochote kilichoandikwa kati ya nafasi mbili: herufi moja ikitofautiana, neno zima huhesabiwa kuwa limekosewa.

Kanuni hiyo huzionea lugha za Kidravidi za kusini mwa India, zikiwemo Kimalayalam na Kitamil. Humo viambishi hurundikwa mwishoni mwa mzizi kuonyesha mahali, wakati au ukanushi, hivyo neno moja hubeba mengi.

Tuseme mashine inatafsiri kutoka Kitamil kwenda Kimalayalam, na mfasiri ameandika *njan innale veettil vannu*, yaani "jana nilikuja nyumbani". Mashine ya kwanza inatoa *njan innale veettilekku vannu*. Maana ni ileile. Kiambishi cha mahali tu ndicho kilichobadilika. Mashine ya pili inatoa *njan innale veettil vannilla*, yaani "jana sikuja nyumbani". Hii imepotosha habari.

Zote mbili zimepata maneno matatu kati ya manne. Lakini ya kwanza imepata jozi moja tu kati ya tatu, na haina fungu la maneno matatu hata moja, kwa sababu neno lililobadilika liko katikati. Ya pili imepata jozi mbili, na fungu moja la matatu kati ya mawili. Iliyokanusha ndiyo inayoongoza.

Nafasi nazo huleta utata. "Alikuwa akifanya" huweza kuandikwa *cheythu kondirunnu* au *cheythukondirunnu*. Msomaji haoni kosa, lakini BLEU haioni hata neno moja linalofanana.

Mwaka 2015 Maja Popović alipendekeza chrF, kipimo kinacholinganisha mafungu ya herufi. Hapo *veettilekku* hupata sifa kwa kuwa na *veettil* ndani yake, na tofauti ya nafasi haiadhibiwi sana. Hata hivyo *vannilla* nayo inafanana mno na *vannu*, hivyo tafsiri iliyokanusha bado huishinda ile sahihi. Kuhesabu herufi hupunguza uonevu wa viambishi, bali hakutambui maana.

Kwa hiyo alama za BLEU za lugha mbili tofauti hazifai kushindanishwa: 15 za Kimalayalam si lazima ziwe mbaya kuliko 25 za Kihindi. Mashine mbili za lugha moja zikikaribiana kwa alama, uamuzi uachiwe wasemaji wa lugha hiyo, wasome sentensi zilezile na kuhesabu makosa ya maana, wakianza na ukanushi.