Sentensi za simu ziwe daftari la fedha

Mama lishe ameandika kwenye simu: "Asubuhi nilikuwa na 40,000. Nimenunua unga na mafuta 28,000, mkaa 12,000. Mauzo 65,000, ila fundi atalipa 3,000 kesho."

Chora safu tano: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka, salio. Mstari wa kwanza ni salio la kuanzia, 40,000; usiliweke kwenye zilizoingia, maana si mauzo ya leo. Kisha kila tukio lipate mstari wake: unga na mafuta, salio 12,000, mkaa, salio 0.

Mauzo ndiyo yenye mtego. Daftari hili ni la fedha taslimu tu, kwa hiyo ingiza 62,000. Deni la fundi liandikwe kwenye daftari la madeni, liingie hapa siku atakapolipa. Ukiandika 65,000, salio litazidi droo kwa 3,000, na msaidizi atashukiwa bure.

Kwenye Excel, salio likiwa safu ya E, andika E3 kisha buruta chini:

```
=E2+C3-D3
```

Salio likiwa hasi, huenda kuna pesa iliyoingia bila kuandikwa, au mistari imepangwa vibaya. Droo haiwezi kutoa isichonacho. Hesabu noti kila jioni kabla ya kufunga.