Ndoo ya Fundi Rangi Ikisomwa kwa Picha

Siku hizi kazi ya rangi huanza kwenye simu. Fundi anapiga picha ya ndoo yake, anaituma kwa mwenye nyumba na kuandika chini yake: nunua kama hivi. Mwenye nyumba anafika duka la vifaa vya ujenzi na kuonyesha picha, muuzaji naye anampa kinachofanana. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu rola mbili zinazofanana pichani zinaweza kutoa kuta mbili tofauti kabisa.

Tuseme picha ni hii: ndoo ya plastiki ya lita 20, na ndani yake brashi pana nyeusi, brashi nyembamba iliyokatwa mshazari, rola yenye manyoya, kibapa cha chuma chenye mpini wa mbao, na mwiko wa mstatili. Kazi inayosubiri ni sebule iliyokwisha kupigwa skimu, itakayopakwa rangi ya maji, pamoja na grili za madirisha zitakazopakwa rangi ya mafuta.

Kabla ya kutaja jina la kifaa chochote, ni vizuri kutafuta kipimo, na kipimo kimo ndani ya picha yenyewe. Mdomo wa ndoo ya lita 20 una upana wa karibu sentimita 30. Brashi iliyoegemea ukingoni, ikionekana kuchukua theluthi moja ya upana huo, ina sentimita 10 hivi, yaani inchi 4. Hesabu hii inafaa tu kwa kilicho sawa na ukingo wa ndoo. Kifaa kilicholala sakafuni mbele, karibu na kamera, huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Brashi ya inchi 4 ni ya maeneo mapana: kupaka rangi ya kwanza ukutani, au kufikia pembe ambazo rola haiingii. Ikipelekwa kwenye grili, rangi nyingi itabaki upande wa nyuma wa nondo na kuchuruzika. Grili inataka inchi 1 au moja na nusu, na katika picha hii brashi ya namna hiyo haipo. Ile ya mshazari, yenye karibu inchi 2, ina kazi yake maalumu: nywele zake ndefu za upande mmoja hutangulia kugusa, hivyo fundi anaweza kuvuta mstari ulionyooka mahali ukuta unapokutana na dari, au kuzunguka fremu ya mlango, bila kuchafua upande wa pili.

Upana unasomeka vizuri kwenye picha, lakini aina ya nywele ni swali gumu zaidi. Nywele za nguruwe hushika vizuri rangi ya mafuta, kwa kuwa ncha zake zimepasuka kiasili na huisambaza bila mifereji. Zikitumbukizwa kwenye rangi ya maji hunywa maji, huvimba na kulegea, na kabla kazi haijafika mbali brashi haina nguvu tena. Nywele za nailoni au poliesta hazina tatizo hilo, ndiyo maana ndizo za rangi ya maji. Weusi wa brashi hauthibitishi lolote, maana nywele za kiwandani nazo hutiwa rangi nyeusi. Jaribio la uhakika linahitaji mkono na kiberiti: unywele mmoja ukichomwa, wa nguruwe hunuka kama nywele zilizoungua na kubomoka kuwa jivu, ilhali wa nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa picha pekee, mtu mwangalifu husema upana na umbo, kisha huuliza habari ya nywele.

Kuna jambo jingine ambalo picha hulisema wazi. Nywele zikiwa zimetawanyika pembeni na kuna rangi ngumu karibu na bati linalozishika, brashi hiyo haikuoshwa hadi kwenye shina. Haitavuta tena mstari mwembamba, hata kama ni ya mshazari.

Rola ndiyo inayoamua sura ya ukuta, na kwa bahati nzuri ndiyo inayosomeka vizuri kuliko vyote, mradi ncha yake ionekane. Pale mwishoni kuna bomba ambalo manyoya yameviringishwa juu yake, na bomba hilo huwa na kipenyo cha karibu milimita 40. Macho yalinganishe bomba na unene wa rola nzima. Rola ikiwa nene karibu mara mbili ya bomba, manyoya yana milimita 20 hivi. Ikiwa imezidi bomba kwa robo tu, manyoya ni mafupi, ya milimita 5. Ya katikati, milimita 10 hadi 12, huipa rola unene wa takriban mara moja na nusu ya bomba.

Katika picha yetu unene ni karibu mara mbili. Rola hiyo ni ya ukuta wa nje, wenye lipu ya mchanga isiyolainishwa, ambako manyoya marefu huingia kwenye vishimo na kuvijaza. Kwenye sebule iliyopigwa skimu itabeba rangi kupita kiasi, itarusha matone sakafuni na kuacha ukuta wenye vipele kama ganda la chungwa. Kosa la kinyume nalo lipo: manyoya mafupi kwenye lipu mbichi hugusa migongo tu, na vishimo vyeupe vinabaki hata baada ya mikono miwili. Sebule hii inataka manyoya ya milimita 10 hadi 12. Fremu ya rola ibaki ileile. Kinachonunuliwa ni gamba la manyoya peke yake, la inchi 9 kama la zamani.

Kibapa chenye mpini wa mbao kinaweza kuwa kisu cha puti au skrepa, na hivi viwili huchanganywa sana. Cha puti kina chuma chembamba kinachopinda kidogo kikibanwa ukutani, na kupinda huko ndiko kunakosawazisha puti. Skrepa ni nene na haipindi, kwa kuwa kazi yake ni kubandua rangi kuukuu. Picha ya kutoka mbele haionyeshi unene. Kinachoonekana ni makali: yakiwa na mapengo madogo, kifaa hicho hakifai tena puti, maana kila pengo litaacha mstari ulioinuka wa kusuguliwa kwa msasa.

Mwiko wa mstatili, wenye makali yaliyonyooka na mpini katikati ya mgongo, ni wa kupiga skimu. Ungekuwa na meno ya mraba ungekuwa wa gundi ya vigae, na ungekuwa na ncha iliyochongoka ungekuwa wa mwashi.

Kwa hiyo orodha ya dukani ina vitu viwili: gamba la rola la manyoya ya milimita 10 hadi 12 kwa ukuta, na brashi ya inchi 1 ya nywele za nguruwe kwa grili. Kabla ya kulipa, fundi aombwe picha mbili zaidi, moja ya kibapa kikitazamwa kwa ubavu, nyingine ya brashi ya mshazari kwa karibu pamoja na maandishi ya mpini, ambako watengenezaji wengi huchapa aina ya nywele na upana. Zikionekana kuwa za nguruwe, brashi ya mshazari ya nailoni inaongezwa kwenye orodha.