DAP inapotelea wapi mu udongo mwekundu?

Wandugu wanakoperative, wale munaolima udongo mwekundu wa Walungu na Kabare munajua jambo hili: mutu ananunua DAP, anaimwaga shamba nzima, anaichanganya kwa jembe, halafu maharagi yanabaki mafupi, na majani madogo ya kijani nzito na maganda machache. Mara nyingi angre ilikuwa nzuri. Udongo ndio uliikamata.

Ile rangi nyekundu inatoka kwa chuma iliyo mu udongo, sawa vile kutu. Chuma hiyo, pamoja na aluminiumu, inashika fosfori kwa nguvu na mizizi inashindwa kuitoa. Ukimwaga DAP kila pahali, kila punje inazungukwa na udongo mwenye njaa. Tena fosfori haitembei na maji ya mvua. Inabaki karibu na pale ulipoiweka. Kwa hiyo tuiweke pamoja, karibu na muzizi.

Tuchukue shamba ya metre 10 kwa 10. Kilo 1 ya DAP inatosha, ni kusema kilo 100 kwa ektari. Pima mistari 25, kila mumoja mbali na mwenzake santimetre 40. Kila mustari utapata gramu 40. Kifuniko cha chupa ya bia kinabeba karibu gramu 5, basi ni vifuniko 8 kwa mustari. Kwa uhakika, mupime kwanza kifuniko chenu kwa mizani ya koperative.

Chimba mufereji wa santimetre 8. Nyunyiza DAP chini, kisha weka samadi iliyooza vizuri, ukijaza mikono yote miwili kwa kila metre. Samadi inapooza inatoa asidi zinazokaa pale fosfori ingekamatwa. Funika na udongo wa santimetre 3, ndipo uweke mbegu. Mbegu ikigusa DAP inaungua: utaona mustari unaota na mapengo.

Chokaa inasaidia kama udongo ni mukali sana, lakini imwagwe shamba nzima na kuchanganywa wiki 3 mbele ya kupanda. Usiitie mu mufereji pamoja na DAP, kwani itashika fosfori nayo.

Njia hii haiponyeshi udongo wote. Inalisha mustari tu, na musimu ujao utaweka tena. Ukipanda mu mistari ile ile, utapata faida ya mabaki kidogo.

Kwa kuhakikisha, gawanya shamba ndogo mu sehemu 3 zenye kulingana: moja bila DAP, moja ya kumwaga, moja ya mufereji. Zile mbili zipate DAP sawasawa, na zote tatu samadi sawasawa. Siku ya kuvuna, pima maharagi makavu ya kila sehemu mbali mbali, na mulete hesabu mu mukutano.