Nyumba ya Wawili Wasiooana

Mjane mmoja na mwanamume aliyefiwa na mkewe walikutana kwenye mkutano wa dini katika uwanja wa Trafalgar, London. Mwaka 1967 walinunua nyumba huko Waltham Cross kwa pauni 850, kila mmoja akatoa nusu. Mwanamume alitarajia ndoa. Mwanamke alitaka ghorofa ya juu tu akae peke yake, na hata huko hakuhamia.

Hati iliwataja kuwa wamiliki wa pamoja. Katika umiliki wa namna hii, kwa sheria ya Uingereza, hakuna mwenye nusu yake: wote wawili wanamiliki nyumba nzima, na anayetangulia kufa humwachia mwenzake yote. Wosia haubadilishi jambo hilo, kwa kuwa unapoanza kufanya kazi nyumba imeshahamia kwa aliyebaki.

Mwaka 1968 mwanamke alikubali kwa mdomo kumuuzia mwenzake sehemu yake kwa pauni 750. Baadaye akataka 1,000, na mazungumzo yakakwama. Mwanamume alipofariki, mwanamke alidai nyumba yote. Binti wa marehemu akapinga: nusu ilikuwa mali ya baba yake.

Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani, ambako Lord Denning alikuwa mmoja wa majaji, ilimpa binti ushindi. Makubaliano ya mdomo hayakutosha kulazimisha mauzo, lakini yalionyesha kwamba wawili hao walikwisha kuhesabiana kila mmoja na fungu lake. Umoja wa umiliki ukawa umevunjika hapo.

Binti alipata haki yake, ila kwa kubishania maneno ya mtu aliyekwisha kufa. Njia salama imo katika sheria ya 1925: mmoja anaweza kuuvunja umoja huo peke yake, kwa notisi ya maandishi kwa mwenzake, bila ridhaa yake. Katika kesi nyingine ya Uingereza, mke mgonjwa mahututi alituma notisi kwa posta. Ikafika nyumbani, lakini mume akashikwa na ugonjwa wa moyo kabla ya kuisoma. Mke, akiona huenda mume atatangulia, akaiharibu barua. Mahakama ikasema imechelewa: notisi ilikwisha kufika, na kila mmoja alikuwa na nusu yake.

Mtoa notisi hutunza nakala na uthibitisho kwamba imefika, kisha huomba masjala ya ardhi iandike kizuizi kwenye rejista. Ajue pia kwamba, hati ikiwa imetamka umiliki wa pamoja, mafungu huwa sawa hata kama yeye ndiye aliyelipa robo tatu.

Kenya imeupokea mkasa huu kwa namna tofauti. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inawaachia wanandoa umiliki wa aina hiyo; wengine wanahitaji ruhusa ya mahakama, la sivyo kila mmoja huhesabiwa kuwa na fungu lake. Wapenzi wasiooana wa Kisumu hawana notisi ya kupelekeana. Tatizo lao ni kinyume: fungu la marehemu huenda kwa warithi wake, na anayetaka mwenzake abaki na nyumba yote lazima aandike wosia.